Tairi la kweli, maandishi ya uongo: kusoma picha za ubavu na meno ya tairi

Swali: Nina matatu ya abiria 14 kati ya Kisumu na Kakamega. Nimenunua matairi manne ya 195R15C, nikaambiwa ni mapya, ya kampuni ya Kijapani, yametengenezwa Tailandi. Makanga wangu anasema ni feki kwa sababu yana alama ya E4, ambayo si ya Tailandi wala Japani, na tarehe iko upande mmoja tu wa tairi. Muuzaji anasema ni halisi kwa sababu nambari ya DOT ipo na tarehe inasoma 1824. Nimekutumia picha za yote manne. Nimwamini nani? – *Msomaji, Kondele, Kisumu*

Jibu: Ndugu yangu, wote wawili wamekosea, ingawa makanga wako amefika karibu na ukweli kwa njia isiyo sahihi. Kwa jinsi ninavyozisoma picha zako, matairi matatu kati ya manne yalitoka kweli katika kiwanda cha kampuni ambayo jina lake limeandikwa ubavuni, lakini si mapya, na mtu ameyachonga upya na kuyabadilishia maandishi ili yaonekane machanga na yenye nguvu kuliko yalivyo. La nne siwezi kulihukumu kwa picha ulizotuma, na nitaeleza sababu.

Nianze na hoja za makanga, kwa kuwa nazisikia mara nyingi na zimewafanya watu warudishe matairi yasiyo na kosa lolote. Alama ya E ndani ya duara haielezi nchi ambako tairi limetengenezwa. Inaeleza nchi ambayo mamlaka yake yalilipima tairi la aina hiyo na kuliidhinisha chini ya kanuni za Umoja wa Mataifa za magari. E4 ni Uholanzi, E1 ni Ujerumani, E2 ni Ufaransa, na kadhalika. Kampuni ya Kijapani yenye kiwanda Tailandi inaweza kabisa kupeleka tairi lake Uholanzi likaidhinishwe, na makampuni mengi hufanya hivyo. Kwa hiyo tairi lililoandikwa MADE IN THAILAND na kuwa na E4 halijajipinga.

Kinachofaa kutazamwa kwenye alama hiyo ni nambari inayoifuata. Tairi lenye herufi C mwishoni mwa saizi, kama lako, ni tairi la gari la kazi, na huidhinishwa chini ya Kanuni ya 54, ambayo nambari zake za idhini huanza na 00. Matairi ya magari madogo ya kawaida hupita chini ya Kanuni ya 30, na nambari zake siku hizi huanza na 02. Kwenye picha yako ya pili kuna nambari mbili, moja ikianza na 00 na nyingine ikianza na 02, na najua hapo mtu angeweza kuruka na kusema amemnasa mwizi. Asiruke. Nambari ya pili inamalizika na herufi S2WR2, maana yake ni idhini ya Kanuni ya 117, inayohusu kelele, mshiko kwenye barabara yenye maji na ukinzani wa tairi linapoviringika. Tairi la C kuwa na zote mbili ni jambo la kawaida. Kama lingekuwa na 02 peke yake bila herufi hizo, na hakuna 00 popote, hapo ningelishuku kwa nguvu kwamba mtu ameiga ubavu wa tairi la gari dogo na kuubandika kwenye saizi ya matatu bila kuelewa alichokuwa anakiiga.

Kuhusu tarehe kuwa upande mmoja, hilo nalo si kosa. Sheria ya Marekani, ambako nambari ya DOT ilianzia, inataka nambari kamili pamoja na tarehe iwe kwenye ubavu mmoja, na ubavu wa pili unaruhusiwa kuwa na nambari fupi isiyo na tarehe. Fundi akifunga tairi kwenye rimu huku upande wenye tarehe umeelekea ndani ya gari, mwenye gari huapa kwamba tairi lake halina tarehe.

Sasa nimgeukie muuzaji. Nambari ya DOT husomwa kwa vipande. Herufi na tarakimu zinazofuata neno DOT moja kwa moja ni alama ya kiwanda, zikifuatwa na alama ya saizi, kisha alama za kampuni yenyewe, na mwisho tarakimu nne za tarehe, mbili za wiki na mbili za mwaka. Hivyo 1824 inadai kwamba tairi lilitoka kwenye kalibu, yaani chombo cha chuma ambamo tairi hufinyangwa, katika wiki ya 18 ya mwaka 2024. Alama ya kiwanda inaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye simu, kwa sababu mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani huweka orodha ya viwanda hadharani kwenye `vpic.nhtsa.dot.gov`. Zamani alama hiyo ilikuwa na herufi mbili, na kwa kanuni mpya ni tatu, kwa hiyo viwanda vingi vya zamani vimeongezewa tu tarakimu 1 mbele ya alama yao ya awali. Usishtuke ukiona moja hiyo.

Nimeitafuta alama iliyo kwenye matairi yako na inaelekeza kwenye kiwanda cha kampuni hiyo kilichoko Tailandi, jambo linalolingana na MADE IN THAILAND iliyo chini ya ukingo wa rimu. Kwa mghushi anayefinyanga tairi zima kutoka mwanzo, hapa ndipo anapoanguka mara nyingi, kwa kuwa ananakili nambari kutoka tairi la nchi moja na kuandika nchi nyingine. Matairi yako hayana mgongano huo. Lakini muuzaji amelichukua jibu la swali moja akalitumia kujibu swali jingine. Alama ya kiwanda inatuambia tairi lilizaliwa wapi. Haituambii kama mtu ameligusa baada ya hapo, sawa na kitambulisho halisi ambacho mwenyewe amefuta mwaka wa kuzaliwa na kuandika mwingine.

Kilichoniamsha ni picha yako ya kwanza, ile ya saizi. Kwa maandishi makubwa tairi linasoma 195R15C 106/104R na karibu yake 8PR, kipimo cha nguvu ya mwili wa tairi. Nambari 106 na 104 ni nambari za uzito. Kila moja inawakilisha kilo maalumu katika jedwali linalotumiwa na watengenezaji wote, na 106 ni kilo 950 tairi likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli, ilhali 104 ni kilo 900 yakifungwa mawili mawili. R inayofuata ni alama ya kasi, kilomita 170 kwa saa, na haituhusu leo. Kwa matatu yako, 106/104 na 8PR ndiyo maandishi ambayo mnunuzi mwenye busara angeyatafuta.

Tazama sasa picha ya tatu, uliyopiga karibu na ukingo wa rimu, pengine bila kujua umepiga nini. Kuna mstari wa maandishi madogo sana unaoanza na MAX LOAD SINGLE. Kila tairi linalobeba nambari ya DOT huwa na mstari huu, unaotaja kilo, ratili na presha. Kwenye tairi la 106/104 ungesema kilo 950 kwa moja na kilo 900 kwa pacha. Lako linasema kilo 850 na kilo 800. Katika jedwali lilelile, kilo 850 ni nambari 102 na kilo 800 ni nambari 100. Yaani ubavu mmoja wa tairi moja unatoa ahadi mbili tofauti, moja kwa herufi kubwa ambazo mnunuzi husoma dukani, na nyingine kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma.

Kiwanda hakifanyi kosa la namna hiyo, kwa sababu maandishi yote yamechongwa kwenye kalibu moja na kila tairi linalotoka humo hufanana na lililotangulia. Ukiyaweka 102/100 na 106/104 bega kwa bega utaona kazi ilivyokuwa ndogo. Mbili imegeuzwa kuwa sita, sifuri ya mwisho imegeuzwa kuwa nne, na pengine 6PR imegeuzwa kuwa 8PR. Ni tarakimu tatu tu. Aliyefanya hivyo aliacha mstari mdogo kama ulivyo, ama kwa kutoujua au kwa kuwa herufi za ukubwa ule hazichongeki kwa mkono zikapendeza.

Mgongano wa kilo unatosha wenyewe, lakini nilitaka kuona kama picha inaonyesha pia mkono wa mtu, na hapa umenisaidia kwa bahati, kwa sababu ulipiga picha jioni mwanga ukitoka kushoto. Herufi zilizotoka kwenye kalibu kwenye sehemu hiyo ya ubavu zimeinuka juu ya mpira. Mwanga ukitoka kushoto, herufi iliyoinuka hung'aa ukingo wake wa kushoto na kutupa kivuli upande wa kulia. Herufi iliyochimbwa hufanya kinyume, kivuli chake kiko kushoto na mwanga unagonga ukuta wa kulia. Kuza picha yako mpaka 106 ijaze kioo cha simu. Moja na sifuri zina kivuli kulia. Sita ina kivuli kushoto. Tarakimu tatu za nambari moja, na mbili zimepanda huku ya tatu imezama. Mpira unaoizunguka sita pia hauna ile mikwaruzo myembamba sambamba ambayo kalibu huacha kwenye ubavu wote. Mahali pale pamelainishwa kwa msasa kisha pakapakwa rangi nyeusi, na rangi hiyo inang'aa kuliko jirani yake. Nne ya 104 iko vilevile. Nane ya 8PR siwezi kuiapia, kwa kuwa kidole chako kimeifunika nusu.

Njia hii ya vivuli ina mtego wake. Kampuni nyingine huchimba baadhi ya maandishi kwa makusudi, hivyo herufi iliyozama si hatia kwa kuwa imezama. Hatia ni kutofanana na jirani zake wa neno lilelile. Na ukipiga picha kwa tochi ya simu iliyo karibu na lenzi, mwanga unaingia moja kwa moja na vivuli vyote vinapotea, ndiyo maana picha nyingi ninazotumiwa zikiwa na mwanga mkali wa tochi hazina faida hata zikiwa safi namna gani.

Kuhusu tarehe, niseme kwanza lisilo kosa, maana hapa watu hujidanganya kwa urahisi. Kuizunguka 1824 kuna mstari mwembamba wa mstatili, kana kwamba tarakimu zimebandikwa kwa kipande. Mstari huo ni wa kiwandani. Wiki hubadilika kila baada ya siku saba na kalibu haiwezi kutengenezwa upya kila wiki, kwa hiyo tarehe huchongwa kwenye kibati kidogo cha chuma kinachofungwa ndani ya kalibu na kubadilishwa wiki mpya ikianza. Ukingo wa kibati hicho ndio unaouona kwenye mpira. Mtu akikuonyesha mstatili huo na kusema ni ushahidi wa feki, mshukuru na uendelee na mambo yako. Kinyume chake, tarehe isiyo na dalili yoyote ya kibati, iliyo mahali ambapo mpira umelainika na kung'aa, ndiyo ya kuangaliwa mara mbili.

Katika matairi yako mstatili upo kwenye yote manne, lakini ndani ya mstatili wa matatu uso wa mpira umeshuka kidogo chini ya ukingo wake na una mistari ya msasa inayokwenda mshazari. Tarakimu hazikai mstari mmoja. Nne ya mwisho imepanda juu kuliko mbili iliyo mbele yake kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Zaidi ya hapo, nane ya tairi la kwanza ni viduara viwili vinavyolingana na nane ya tairi la pili ina kichwa kidogo na tumbo kubwa. Matairi mawili ya kiwanda kimoja na wiki moja yanaweza kutoka kalibu tofauti, na tofauti ndogo ya herufi peke yake isingenitosha. Ikiunganishwa na msasa na mstari uliopinda, nasema tarehe ya awali ilifutwa. Tarehe hiyo ilikuwa ipi, hakuna picha itakayorudisha, lakini meno ya tairi yanatupa fununu.

Meno ndiyo sehemu ambayo ningekuomba ujifunze kuisoma kwa makini kuliko zote, kwa sababu wachongaji wa kando ya barabara wanaweza kurekebisha maandishi vizuri kuliko wanavyoweza kurekebisha uso wa tairi. Tairi jipya la aina hii huwa na mitaro mikubwa inayozunguka tairi lote, yenye kina cha milimita kama nane au tisa, na juu ya kila jino kuna mikato myembamba sana, unene wa kadi ya simu au pungufu, ambayo kazi yake ni kuvunja utando wa maji barabara inapolowa. Mikato hiyo hufinyangwa na vipande vyembamba vya chuma vilivyomo ndani ya kalibu. Tairi linapoisha, mitaro hupungua kina na mikato nayo hupungua, na mara nyingi mikato ndiyo hutangulia kutoweka kwa kuwa haiendi chini sana.

Mchongaji anapochukua tairi lililokwisha, hupitisha kisu chenye moto kwenye mitaro mikubwa na kuichimba upya. Mikato myembamba haichongi; ni mingi mno na kisu chake ni kinene mno. Matokeo yake ni tairi lenye mitaro mirefu na meno yaliyo kipara juu. Picha yako ya tano inaonyesha jambo hilo waziwazi kwenye jino la bega la kulia: mtaro unaonekana kuwa na kina cha tairi jipya, lakini kwenye jino lenyewe kuna alama mbili hafifu tu ambako katalogi ya kampuni, kwa muundo huohuo na saizi hiyohiyo, inaonyesha mikato mitatu mirefu inayofika katikati ya jino. Nasisitiza saizi hiyohiyo kwa kuwa muundo mmoja wenye jina moja unaweza kuwa na mitaro mitatu kwenye tairi jembamba na minne kwenye tairi pana, na nimeona watu wakigombana dukani kwa kulinganisha picha ya saizi nyingine.

Fuata sasa alama ya TWI. Begani mwa tairi kuna herufi hizo au pembetatu ndogo, zikirudiwa mahali kadhaa kulizunguka tairi. Ukivuka kutoka hapo kwenda bega la pili, ndani ya kila mtaro mkubwa lazima ukute tuta dogo la mpira lenye kimo cha milimita 1.6 kutoka sakafu ya mtaro. Meno yakiisha mpaka yakalingana na tuta hilo, tairi limekwisha. Kwenye picha yako pembetatu ipo, lakini katika mitaro miwili ya katikati hakuna tuta. Limekatwa pamoja na sakafu. Kiwandani tuta haliwezi kukosekana penye alama yake, kwa sababu limo ndani ya kalibu. Kuta za mtaro nazo zinayumba, na sakafu ina mng'ao wa mpira ulioungua, ilhali mtaro wa kalibu una kona za chini zilizopindwa kwa upole na kuta zilizonyooka.

Katika matairi ya malori, kuchonga upya kunaruhusiwa pale ubavu unapokuwa na neno REGROOVABLE, kwa kuwa mtengenezaji ameacha mpira wa ziada chini ya mitaro. Matairi yako hayana neno hilo, na kati ya sakafu ya mtaro na nyavu za chuma kuna milimita chache tu za mpira. Kisu kikizila, kokoto ya kawaida inafika kwenye chuma, maji yanaingia, chuma kinashika kutu, na tabaka la juu linaanza kuachana na la chini. Gari likishuka na abiria kutoka Kiboswa au kukimbia kwenye joto la mchana, tabaka hilo hutoka kwa mara moja. Mabaki marefu ya mpira unayoyaona pembeni mwa barabara kuu baadhi yake huanzia hapo.

Umeuliza pia, kwenye ujumbe wako wa pili, kuhusu vile vinyweleo vya mpira vilivyosimama juu ya tairi. Visikushughulishe. Vinatokana na matundu ya kutolea hewa kwenye kalibu, na kalibu za kisasa nyingi zina matundu ya aina isiyoacha vinyweleo, kwa hiyo tairi jipya linaweza kukosa na tairi lililovikwa mpira mpya juu ya mwili wa zamani linaweza kuwa navyo tele. Madoa ya rangi nyekundu na njano ubavuni ni msaada kwa fundi wakati wa kufunga na kubalansi, na mtu yeyote mwenye brashi anaweza kuyaweka. Stika ya KEBS nayo hubandikwa na hubanduka. Ukiwa na nambari ya kibali, tuma SM# ikifuatwa na nambari hiyo kwa 20023 uone kama jina la bidhaa linalorudi ni lako, lakini jibu zuri halifuti kile ambacho umekiona kwenye mpira.

Tairi la nne linasoma 1824 kama mengine, na sehemu ya tarehe haina msasa. Mikato myembamba ipo yote. Tuta la TWI lipo kwenye mitaro miwili ninayoiona. Nambari ya uzito, hata hivyo, iko mahali palipopakwa dawa ya kung'arisha tairi mpaka ubavu unaakisi mawingu, na mstari wa MAX LOAD haukupigwa kabisa. Inawezekana hili ni jipya la kweli lililochanganywa na matatu mabovu ili mnunuzi akiuliza aonyeshwe hilo. Inawezekana pia ni bovu lililoandaliwa vizuri zaidi. Picha inaweza kulitia tairi hatiani. Kulisafisha haiwezi, kwa kuwa haioni nyavu zilizo ndani wala ubora wa mpira wenyewe.

Kwa hiyo matatu ya kwanza usiyafunge, na kama umeshayafunga yatoe leo. Tofauti ya kilo 100 kwa kila tairi ni kilo 200 kwenye ekseli ya nyuma, na hiyo ni hesabu ya tairi zima, si ya tairi lililopunguzwa mpira chini. Mrudie muuzaji ukiwa na risiti na picha mbili tu, ya 106/104 kubwa na ya kilo 850 ndogo, zilizopigwa kwenye tairi moja bila kukatwa katikati. Usianze na tarehe wala na meno, kwa sababu kwenye hayo atakuwa na maneno ya kukujibu. Kilo hazina mjadala. Akikataa, peleka tairi lenyewe, si picha, kwenye ofisi ya KEBS ya eneo lako pamoja na risiti, na usimwachie muuzaji tairi kabla hujapata fedha au stakabadhi mkononi.

La nne, lioshe kwa maji na sabuni, likaushe, kisha paka chaki nyeupe kwa ubapa juu ya maandishi ili herufi zilizoinuka zishike weupe na zilizochimbwa zibaki nyeusi. Zima tochi ya simu yako, mpe makanga tochi nyingine ailaze kando ya tairi, mkono mmoja kutoka kwenye maandishi, na upige picha ukiwa umesimama moja kwa moja mbele. Nataka saizi pamoja na nambari ya uzito katika picha moja, mstari wote wa MAX LOAD katika nyingine, nambari nzima ya DOT kutoka neno lenyewe mpaka tarakimu ya mwisho, na mahali pawili pa TWI kutoka bega hadi bega. Kama bado halijafungwa kwenye rimu, piga na ndani yake pia, ambako viraka vya pancha za zamani na unga mweusi wa tairi lililokimbia bila upepo huonekana. Nitumie kwa WhatsApp ukichagua Document badala ya njia ya kawaida ya picha, maana njia ya kawaida hubana picha mpaka nane na tatu zikafanana.